Foto ya mtu yenye ukingo mweupe pembeni: unatoka wapi, unaondolewa namna gani

Kwenye barabara za Bukavu, Goma ao Uvira, mabashi ya matanga na ya ndoa yanatundikwa karibu kila wiki. Mara mingi mtu aliye kwenye bashi anaonekana kama amebandikwa: kichwa na mabega vimezungukwa na mstari mweupe, na kando ya mstari kuna vidoto vichafu sawa vile vumbi. Jamaa wanasema foto ilikuwa mbaya. Foto yenyewe pengine ilikuwa nzuri. Kosa liliingia wakati wa kumkata mtu kutoka nyuma yake ya zamani na kumweka kwenye nyuma mpya.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Familia imefiwa na baba. Foto nzuri wanayo moja tu: baba amesimama mbele ya shuka nyeupe, amevaa koti jeusi. Imefika kwa WhatsApp, na ukubwa wake ni pikseli 960 kwa 1280. Wanataka shuka itoke, baba awekwe kwenye bluu ya giza, kisha ichapwe kwenye bashi lenye urefu wa metre 2. Kijana wa studio anazungusha mstari kwenye baba, analainisha ukingo kwa pikseli 10, anakata na kubandika. Kwenye ekra ndogo inaonekana sawa. Lakini ukigawanya metre 2 kwa pikseli 1280, kila pikseli inakuwa karibu milimetre 1.6. Ukingo mweupe wa pikseli 4 unakuwa zaidi ya nusu sentimetre kwenye bashi, na mtu anauona akiwa ng'ambo ya barabara.

Kwa nini kulainisha kunaleta mweupe

Wengi wanafikiri kulainisha ukingo ni kuufanya uwe mzuri tu. Kwa kweli programu inafanya jambo moja: inageuza mstari wa kukata kuwa ngazi ndogo ndogo, kutoka kuonekana kabisa mpaka kutoonekana. Ngazi hizo zinaenda pande mbili za mstari. Nusu inaingia ndani ya koti, na nusu inatoka nje, kwenye shuka. Ile sehemu ya nje inachukua kipande cha shuka na kukibeba mpaka kwenye nyuma mpya. Ukiweka pikseli 10, umebeba shuka nyingi.

Tena kuna jambo la pili. Hata kabla ya kukata, kwenye mpaka kamili wa koti na shuka, telefone imekwisha kuchanganya rangi hizo mbili ndani ya pikseli moja. Hesabu ni rahisi. Nguvu ya mwanga inahesabiwa kutoka 0 (nyeusi) mpaka 255 (nyeupe). Tuseme koti ni 20, shuka ni 240, bluu mpya ni 30. Pikseli ya mpakani ni nusu koti, nusu shuka. Ukiibandika kwa nusu ya nguvu, inatokea hivi:

```
(20 + 240) / 2 = 130
(130 + 30) / 2 = 80
(20 + 30) / 2 = 25
```

Mstari wa mwisho ndio ulipaswa kutokea. Badala ya 25 tumepata 80, na pikseli hiyo imekaa katikati ya 20 na 30. Ndiyo sababu inawaka. Kama nyuma mpya ingekuwa nyeupe, kosa lile lile lisingeonekana, na ndiyo maana studio inaweza kufanya kazi miezi mingi bila kulijua, mpaka siku mteja anaomba nyuma ya giza.

Na vile vidoto?

Vidoto ni jambo lingine, lakini vinakaa fasi ileile. Foto za telefone zinabanwa kwa JPEG ili zisile data mingi. JPEG inakata foto katika vijisanduku vya pikseli 8 kwa 8, na ndani ya kila kijisanduku inatupa sehemu ya habari ambayo jicho haliitafuti sana. Kijisanduku chenye rangi moja kinabaki safi. Kile chenye koti jeusi upande mmoja na shuka nyeupe upande mwingine kinashindwa kushika mpaka vizuri, na kinaacha mawimbi na vidoto upande wa shuka. Rangi nayo, kwenye foto nyingi za telefone, inawekwa kwa nusu ya ukubwa, kwa hiyo rangi ya nguo inavuja kidogo nje ya nguo.

Basi, mstari wa kukata ukipita nje kidogo ya koti, na ukalainishwa kwa upana, unaokota uchafu huo wote. Kulainisha zaidi ili kuuficha ni kuongeza mafuta kwenye moto: unaokota mwingine ulio mbali zaidi.

Kwanza jua ni ugonjwa gani

Si kila mwanga pembeni unatokana na kukata. Telefone nyingi zinakaza foto zenyewe ili ionekane kali, na kukaza huko kunaacha mstari mweupe mwembamba kando ya kila kitu cheusi. Ukuze foto mpaka asilimia 300 na uangalie ndani ya mtu: kwenye vifungo vya koti, kola, fremu ya miwani. Kama mstari uko hata huko, ni telefone. Kama uko tu pale mtu anapokutana na nyuma, ni kukata. Kama unaona vidoto vilivyojikusanya katika miraba, ambavyo havifiki mbali na mpaka, hiyo ni JPEG.

Hii inafaa pia kwa foto zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp wakati wa vita. Watu wanaona mwanga kando ya askari na wanasema mara moja foto ni ya uongo. Mwanga peke yake hauthibitishi hivyo. Inafaa kuuliza kama unamzunguka mtu mmoja tu, ao kila kitu ndani ya foto.

Kutengeneza, kama kazi bado iko na matabaka

Tunatumia GIMP, juu ni ya bure na inafanya kazi kwenye masini ya zamani. Majina hapa ni ya Kiingereza. Kwenye GIMP ya Kifaransa, `Shrink` inaitwa `Réduire` na `Feather` inaitwa `Adoucir`.

Usifute shuka. Zungusha mstari kwenye baba kwa `Free Select`, ukikaa juu ya koti lenyewe, si juu ya shuka. Kisha ingia `Select > Shrink` na uandike 2, halafu `Select > Feather` na uandike 2. Utaratibu huo ni muhimu. Kupunguza kunasukuma mstari ndani, na kulainisha kunakofuata hakufiki tena kwenye shuka. Kwa foto ya pikseli 1280, mbili na mbili zinatosha. Kwa foto ya kamera yenye pikseli 4000, anza na nne na nne.

Sasa fungua `Layer > Mask > Add Layer Mask` na uchague `Selection`, kisha ingia `Select > None`. Maski inaficha shuka bila kuiharibu. Chini ya baba weka tabaka la rangi kali, nyekundu kwa mfano, kisha la giza. Ukingo mweupe hauwezi kujificha mbele ya rangi hizo mbili. Ukiuona bado, bofya maski yenyewe, ingia `Colors > Levels`, na usukume alama nyeusi ya kushoto kuelekea katikati. Ngazi dhaifu za nje zinazimika na ukingo unaingia ndani kidogo kidogo mbele ya macho yako. Simama mara mweupe unapopotea. Ukiendelea, mabega yataliwa.

Kama kijana wa studio alikwisha kulainisha kwa 10 ndani ya maski, dawa hiyo ya `Levels` ndiyo inayookoa kazi yake. Si lazima kuanza upya.

Nywele zinakataa dawa hiyo. Ukipunguza kwenye nywele fupi za kujikunja, kichwa kinakuwa kama kimekatwa kwa mkasi. Hapo acha maski ilivyo, bofya foto yenyewe, chukua `Clone`, chota rangi ya nywele za ndani na uipake juu ya ukingo wenye weupe. Maski inalinda umbo, wewe unabadilisha rangi tu. Ile 130 ya hesabu yetu inarudi karibu na 20, na mwanga unazimika. Ni kazi ya dakika kumi, na hapo ndipo fundi mzuri anajulikana.

Vidoto vilivyobaki ndani ya ukingo vinapunguzwa na `Filters > Blur > Selective Gaussian Blur`, kwa kipimo kidogo cha pikseli 2 ao 3, na `Max. delta` ikiwa chini, karibu 0.06. Inalainisha tofauti ndogo na kuacha mipaka mikubwa. Usiipitishe usoni, baba atakuwa kama sanamu ya plastiki.

Kama umebaki na JPEG tu

Mara nyingine studio imefuta matabaka na familia ina foto iliyokwisha kubandikwa. Hapo maski haipo tena. Chukua `Clone`, weka `Mode` yake kwenye `Darken only`, chota bluu iliyo kando na upitishe brashi ndogo juu ya mstari mweupe. Brashi hiyo inagusa tu kinachowaka kuliko bluu. Koti na nywele, ambazo ni nyeusi zaidi, hazibadiliki. Lakini shavu na sikio vinawaka kuliko bluu, kwa hiyo vitapakwa pia. Fasi hizo zungushia mstari kwanza, ubakize ndani ukingo tu. Kama nyuma mpya ni nyeupe na ukingo ni mweusi, tumia `Lighten only`.

Nywele zilizokwisha kuchanganyika na mweupe ndani ya JPEG hazirudi vizuri. Ni afadhali kumpigia mwenye telefone iliyopiga foto na kumwomba aitume tena kama `Document`, si kama foto, ili WhatsApp isiibane.

Kazi ikiendelea, ihifadhi kwa XCF. JPEG uitoe mara moja tu, mwishoni, juu kila kuhifadhi upya kunaongeza vidoto vingine kando ya ukingo uliosafisha. Kwenye dirisha la kutoa weka `Quality` 92 ao zaidi, na kwenye `Subsampling` uchague `4:4:4`, ili rangi isivuje tena. Wachapaji wa bashi wengi wanapokea pia PNG. Waulize mbele ya kulipa, na umtumie fundi faili hiyo kama `Document` vilevile.