Kipimo cha damu cha kromosomu kwa wajawazito

Kipimo cha damu cha kromosomu ni uchunguzi wa awali unaokadiria uwezekano wa mtoto aliye tumboni kuwa na kromosomu iliyozidi. Hali inayotafutwa zaidi ni trisomia 21, inayojulikana kama hali ya Down, ambapo kromosomu ya 21 huwa tatu badala ya mbili. Jérôme Lejeune na wenzake wa Ufaransa walitangaza chanzo hicho mwaka 1959. Zinazofuata ni trisomia 18 na trisomia 13, ambazo hutokea mara chache zaidi na huwa nzito zaidi. Kipimo hiki hakisemi kama mtoto ana hali hiyo. Huwatenga wajawazito wachache wenye uwezekano mkubwa ili wanaotaka wapimwe kwa njia inayothibitisha.

Aina ya zamani zaidi inayotumika mapema katika ujauzito hufanywa kati ya wiki ya 11 na ya 14. Damu ya mama hupimwa vitu viwili vinavyotoka kwenye kondo la nyuma, vinavyoandikwa kwenye karatasi ya majibu kama PAPP-A na beta-hCG, na kwa ultrasaundi hupimwa unene wa maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto. Kompyuta huvijumlisha pamoja na umri wa mama, kwa kuwa umri una uzito wake: mwanamke wa miaka 20 ana uwezekano wa takribani 1 kati ya 1,500 wa kuzaa mtoto mwenye hali ya Down, na wa miaka 40 takribani 1 kati ya 100. Jibu hutoka kwa namna hiyohiyo, kwa mfano 1:90. Nchini Uingereza, jibu la 1:150 au la juu zaidi ya hapo huitwa la uwezekano mkubwa. Hata hivyo, 1:90 maana yake ni kwamba kati ya wajawazito 90 wenye majibu kama hayo, 89 hawana mtoto mwenye hali ya Down. Anayesikia neno "mkubwa" bila kuonyeshwa namba hiyo ameambiwa nusu tu ya habari.

Jibu la aina hii linaweza kuharibiwa na jambo dogo kama tarehe ya hedhi iliyokosewa. Katika wiki hizo PAPP-A hupanda kadiri mimba inavyokua, huku beta-hCG ikishuka. Kwenye hali ya Down, PAPP-A huwa chini na beta-hCG huwa juu kuliko ilivyotarajiwa. Kwa hiyo mimba changa iliyohesabiwa kuwa kubwa kuliko ilivyo huonyesha sura ileile, ingawa mtoto hana tatizo. Ndiyo sababu umri wa mimba hukadiriwa kwa kupima urefu wa mtoto kwenye ultrasaundi, wala haitegemewi kumbukumbu ya mama peke yake.

Aina ya pili hutazama DNA yenyewe, na kwenye fomu za maabara huitwa NIPT. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kuwa vipande vya DNA ya mtoto huelea katika damu ya mama. Kuanzia wiki ya 10, takribani asilimia 10 ya vipande vinavyoelea humo vina asili ya mimba, na vilivyobaki ni vya mama mwenyewe. Mashine huhesabu mamilioni ya vipande bila kuvitenga vya nani ni vipi. Pale ambapo vipande 100 vya kromosomu ya 21 vingetarajiwa, mimba yenye trisomia 21 hutoa takribani 105. Ziada hiyo ndogo ndiyo inayotafutwa. Sehemu ya mimba ikiwa ndogo mno, ziada haionekani na maabara hurudisha karatasi bila jibu. Hilo huwapata zaidi wanawake wanene na waliopima mapema mno.

NIPT hugundua takribani mimba 99 kati ya kila 100 zenye trisomia 21, na humhofisha bure takribani mwanamke 1 kati ya 1,000. Kutokana na hapo wengi, hata baadhi ya watumishi wa afya, hudhani kuwa jibu la uwezekano mkubwa ni sahihi kwa asilimia 99. Sivyo, na hesabu huonyesha sababu. Chukua wanawake vijana 100,000 ambao uwezekano wao kabla ya kipimo ni 1 kati ya 1,000. Miongoni mwao, 100 wana mtoto mwenye trisomia 21 na kipimo kitawapata 99. Waliobaki ni 99,900, na kati yao takribani 100 watapewa jibu hilohilo kimakosa. Hivyo, kati ya wanawake 199 wenye majibu ya kutisha, nusu wana mtoto asiye na hali hiyo. Wakiwa ni wanawake wa miaka 40, wenye uwezekano wa 1 kati ya 100, kipimo kitawapata 990 kwa haki na 99 kwa makosa, yaani watu 9 kati ya 10 wameambiwa kweli. Mashine ni ileile na damu imechukuliwa vilevile. Kilichobadilika ni wingi wa hali yenyewe katika kundi linalopimwa.

Makosa haya mara nyingi si uzembe wa maabara. DNA inayoitwa ya mtoto hutoka hasa kwenye kondo la nyuma, na pengine kondo huwa na seli zenye kromosomu ya ziada ilhali mtoto hana. Pacha aliyekufa mapema tumboni huweza pia kuacha DNA yake kwenye damu.

Uthibitisho hutaka seli zenyewe. Kati ya wiki ya 11 na ya 14 daktari huweza kuchukua kipande kidogo cha kondo, na kuanzia wiki ya 15 huweza kuvuta maji ya uzazi kwa sindano nyembamba inayopitishwa tumboni huku ultrasaundi ikiongoza. Pale inaposhukiwa kuwa tatizo liko kwenye kondo tu, maji ndiyo yanayofaa, kwa sababu seli zake zimetoka kwa mtoto. Majibu ya haraka kuhusu kromosomu ya 21, 18 na 13 hupatikana ndani ya siku chache, na picha kamili ya kromosomu huchukua takribani wiki mbili. Hatari ya mimba kuharibika kwa sababu ya sindano iko chini ya 1 kati ya 100, na hiyo ndiyo sababu hachomwi kila mjamzito.

Uthibitisho nao una mpaka: huonyesha kromosomu, lakini hauelezi mtoto atajifunza kwa kasi gani wala afya yake itakuwaje. Moyo hutazamwa peke yake kwa ultrasaundi, kwa kuwa karibu nusu ya watoto wenye hali ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na baadhi huhitaji upasuaji wa aina inayofanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Mjamzito ana haki ya kukataa sindano. Akikataa, hali ya mtoto huandikwa kuwa haijathibitishwa, na damu ya mtoto huchukuliwa baada ya kuzaliwa kwa ajili ya kipimo cha kromosomu.