Kondoo wa Ngurario: Siku Binti wa Kikuyu Alipohesabiwa Mke

Katika nyanda za juu za Murang'a, Nyeri na Kiambu, ndoa ya Wakikuyu haikufungwa kwa siku moja. Ilianza kwa kibuyu cha pombe, ikaendelea kwa mbuzi waliopelekwa wachache wachache, na mara nyingi wazazi walizeeka mbuzi wengine wakiwa bado wanadaiwa. Maadamu mambo yalikwenda sawa, hakuna aliyeuliza ni lini hasa yule binti alikuwa mke. Swali hilo lilizuka mtu alipokufa, au walipoachana, au ilipobidi kuamua watoto ni wa nani. Wazee walikuwa na jibu lake, na jibu lilikuwa mnyama mmoja tu katika kundi zima.

Tuzifuate nyumba mbili kama mambo yalivyokuwa kabla ya ukoloni kukita mizizi. Kijana na binti wamekwisha kuelewana, kwa maana wazee hawakupenda kupika pombe kwa ajili ya jambo lisilo na msingi. Baba wa kijana anakwenda na mkewe na ndugu wachache, wamebeba pombe ya miwa iliyochachushwa kwa tunda la mvungunya, ambalo Wakikuyu huliita muratina. Kijana haongei. Kama yupo, anakaa pembeni na marika wenzake. Anayezungumza ni mzee wa ukoo mwenye ulimi mzuri, na hataji ndoa moja kwa moja. Anaeleza kwamba wamekuja kutafuta urafiki katika boma hili, naye mwenyeji anajifanya hajui wanachokitaka mpaka heshima itimie.

Kisha anaitwa binti. Pombe inamiminwa katika pembe, naye anaulizwa mbele ya wote kama inywewe au isinywewe. Akiipokea, akaonja na kumpa baba yake, wazee wanakunywa na mazungumzo yanaendelea. Akikataa, pombe hainywewi, na wageni wanarudi walikotoka. Naona hapa ndipo penye uzito kuliko pengine pote katika safari hii ndefu, kwa sababu waliotuandikia juu ya mbuzi wamewafanya wengi wadhani binti alikuwa kama mmoja wao. Ni kweli kwamba shinikizo la wazazi lilikuwapo, na binti aliyeikataa pembe mbele ya wajomba zake alihitaji moyo mgumu. Lakini utaratibu ulimpa nafasi ya kusema, na mashahidi wa jibu lake walikuwa wa pande zote mbili.

Baada ya hapo ndipo inaanza ruracio, yaani mahari yenyewe. Msomaji wa Pwani asiichanganye na mahari ya Kiislamu, ambayo ni haki ya bibi harusi mwenyewe. Ruracio iliingia zizini mwa baba, na haikukaa humo yote. Waliotangulia ni kondoo mmoja na mbuzi mmoja, wote majike machanga ambao hawajazaa, wanaoitwa mwati na harika. Kuwapeleka hao wawili kulitangaza kwamba binti ameposwa, na mwingine asije na pombe yake.

Idadi ya wengine ilipangwa na wazee wa pande mbili. Wenyeji walitaja kiasi, wageni wakaomba wapishwe watoke nje kushauriana, faraghani, katika kikao kinachoitwa ndundu, kisha wakarudi na jibu. Kipimo cha kwanza mara nyingi kilikuwa kile ambacho mama wa binti mwenyewe aliolewa nacho. Kipimo hicho kiliwazuia wenyeji wasiseme chochote kinachowajia kichwani, na kiliwazuia wageni wasilie umaskini kupita kiasi. Mama naye alikuwa na fungu lake, na zawadi zilizotajwa kuwa zake hazikuweza kuliwa na wanaume.

Mbuzi hawakulipwa wote kwa mkupuo. Baba wa kijana alitoa alichonacho, kisha akangoja binti yake mwenyewe aolewe, ili mbuzi waliokuja kwa ajili ya dada wamsaidie kaka. Upande wa pili, baba aliyepokea aligawa wanyama kwa ndugu zake. Kwa hiyo ndoa moja iliwashika watu wengi: hawa wamekula, wale wanadaiwa, na kila mmoja ana sababu ya kuwapatanisha vijana wakigombana, maana ndoa ikivunjika mbuzi walioliwa wangedaiwa tena. Ndiyo maana Wakikuyu husema kwamba ukwe hauishi. Deni liliachwa wazi kwa makusudi.

Kama deni halimaliziki, ndoa inatiwa muhuri na nini? Na ngurario. Upande wa kijana ulileta kondoo aliyenona, akachinjwa nyumbani kwa binti, na nyama ikagawanywa kwa kufuata umri na jinsia. Damu ile ikishamwagika, binti alikuwa mke hata kama mbuzi walikuwa bado wanadaiwa. Na isipomwagika, hata zizi lililojaa halikutosha.

Utawala wa Mwingereza ulikuja na kodi ya kibanda, mishahara na fedha taslimu, na taratibu mbuzi akawa hesabu tu: wazee waliendelea kutaja mbuzi, wageni wakalipa shilingi. Hilo halikuleta ugumu mkubwa. Ugumu ulikuja mahakamani, kwa sababu hakimu hawezi kuandika kwamba ndoa inaendelea. Anatakiwa aseme ipo au haipo. Mwaka 1968 Eugene Cotran alichapisha kitabu kilichokusanya sheria za mila za ndoa na talaka nchini Kenya, na kwa Wakikuyu akaitaja ngurario kuwa sharti. Mahakama zikakitegemea sana.

Katika kesi moja iliyoripotiwa 1970, mwanamke alidai kuwa ni mke wa mwanamume Mzungu aliyekuwa akiishi naye. Sehemu ya mahari ilikuwa imelipwa, lakini kondoo wa ngurario hakuwa amechinjwa. Mahakama ilisema hakuna ndoa, na kwamba mwanamke yule aliishi katika nyumba kwa ruhusa tu, ruhusa inayoweza kuondolewa. Kwa kipimo cha mila, uamuzi ulikuwa sahihi. Lakini mila yenyewe isingemwacha mwanamke peke yake namna hiyo: wazee wake wangeuliza kondoo yuko wapi, nao wakwe wangejibu. Mahakama ilichukua sharti na kuwaacha watu waliolilinda.

Mwaka 1976 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilifungua mlango mwingine. Ilikubali kwamba watu wakiishi kwa muda mrefu kama mume na mke, wakijulikana hivyo na majirani, ndoa inaweza kudhaniwa kuwapo, bila kutegemea sherehe ya mila yoyote. Wajane wengi wameupitia mlango huo tangu wakati huo.

Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 ilikwenda mbali zaidi. Inasema pale mila inapodai mahari, kiasi kidogo cha ishara kinatosha kuthibitisha ndoa ya kimila, na inawataka wanandoa wamjulishe msajili ndani ya miezi mitatu tangu taratibu za kimila zikamilike. Hapo ndipo ulipobaki ubishi, kwa sababu sheria haikusema kwa kila kabila taratibu hizo zinakamilika lini. Ndugu wakigombea mirathi ya Mkikuyu aliyefariki, mawakili bado huwapandisha wazee kizimbani na kuwauliza maswali ya zamani: nani alikwenda, nani aliwasemea, mwati na harika walifika lini, na kondoo alichinjwa mbele ya nani.