Kufuta bluu kwenye picha ya pasipoti bila kukata nywele

Ukiifuta bluu kwa kifutio, nywele zinabaki kama kofia. Kwenye ncha za nywele, kila nukta ya picha ina unywele kidogo na bluu kidogo.

Fungua GIMP kwenye kompyuta, bonyeza Add Alpha Channel, kisha nakili leya. Kwenye ya chini tumia Color to Alpha, uchague bluu ileile ya picha. Bluu inatoka, unywele unabaki nusu uwazi. Ila hata ngozi na shati hupenyeza, hasa shati la bluu. Kwa hiyo leya ya juu iache uso na mwili tu, ufute ukingo wote wa nywele.

Weka leya nyekundu chini kabisa. Wekundu ukionekana shavuni, hujaziba vizuri. Ukimaliza, ficha leya nyekundu, kisha tumia Export As kupata PNG, JPEG haibebi uwazi.