akaunti ya muda

Nomino [ngeli: i-/zi-], *uhasibu.* Akaunti ya leja inayopokea tofauti ya urari au kiasi ambacho chanzo chake hakijajulikana, hadi kitakapobainika.

Matumizi

Mhasibu huruhusiwa kuifungua akiwa kwanza amejumlisha upya, amelinganisha masalio ya mwanzo na kukagua maingizo, na bado kazi haiwezi kungoja, mathalani taarifa ya mwezi inapohitajika. Huandika tarehe, sababu na jina la atakayeifuatilia. Akaunti hiyo inapaswa kufungwa kabla ya hesabu za mwisho wa mwaka. Kuihamishia kwenye gharama bila maelezo ni kuficha kosa, si kulisahihisha.

Fedha taslimu zikipungua sandukuni haziingizwi humo ili urari ulingane. Upungufu huo tayari unajulikana ulipo: huandikwa kama upungufu, na mtunza fedha huutolea maelezo.

Mfano

Tuseme chama cha msingi cha wakulima wa zabibu huko Hombolo, Dodoma, kina urari wenye debiti ya sh. 48,360,000 na krediti ya sh. 48,000,000. Krediti imepungua sh. 360,000, basi akaunti ya muda hukreditiwa kiasi hicho.

Tofauti hiyo hugawanyika kwa 9 bila baki, dalili kwamba huenda tarakimu zimebadilishana nafasi. Ni dalili tu, si ushahidi. Lazima hati itafutwe. Hati ya malipo kwa muuzaji wa salfa ya mizabibu inaonyesha sh. 1,260,000, na daftari la fedha limeandikwa sawasawa, lakini akaunti ya muuzaji imedebitiwa sh. 1,620,000. Marekebisho:

> Debiti: Akaunti ya muda 360,000
> Krediti: Muuzaji wa salfa 360,000

Salio la akaunti ya muda sasa ni sifuri. Kama tofauti ingeachwa hivyo, chama kingeamini kuwa deni lake kwa muuzaji ni dogo kuliko lilivyo, na mkaguzi wa COASCO angekuta salio lisilo na hati.

Tanbihi

1. Salio sifuri halithibitishi kwamba vitabu ni sahihi. Malipo ya salfa yakidebitiwa kwenye akaunti ya mbolea, urari utalingana na akaunti ya muda haitaguswa.

2. Mfasiri asiichanganye na *akaunti ya muda maalumu*, ambayo ni amana ya benki inayowekwa hadi tarehe iliyokubaliwa. Pale msomaji anapoweza kukanganyikiwa, aandike *akaunti ya muda ya tofauti za hesabu*.

3. *Akaunti ya mashaka* haifai, kwa kuwa hukumbusha *madeni ya mashaka*, yaani madeni ambayo huenda yasilipwe. Hapo mdaiwa anajulikana. Kwenye akaunti ya muda, kisichojulikana ni chanzo cha kiasi chenyewe.

Taz. pia: urari, leja, usuluhisho wa benki