Deni la Friji Ambazo Hazijaharibika

Muuzaji wa vyombo vya umeme anayetoa dhamana ya miezi 24 kwa gharama yake mwenyewe hulipia matengenezo muda mrefu baada ya kuhesabu faida ya mauzo. Wengi huandika gharama hiyo siku fundi anapolipwa. Wengine, wakitaka kuwa waangalifu zaidi, hutenga kiasi kwa kuangalia walicholipa mwaka uliopita. Hoja ya makala haya ni kwamba njia zote mbili humdanganya mwenye duka, hasa biashara inapokua. Kipimo sahihi ni kundi la mauzo, yaani friji zilizouzwa katika kipindi kimoja, zikifuatiliwa hadi dhamana yake iishe.

Kwanza tujibu pingamizi la kawaida: friji nzima haiwezi kuwa deni. Ukiitazama moja peke yake, pingamizi lina nguvu, kwa kuwa yamkini haitarudi kamwe. Lakini kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 37 kinataka ahadi zinazofanana zipimwe kwa pamoja. Kinachozaa wajibu ni mauzo yenyewe; kuharibika kwa kifaa huja kuonyesha tu ni mteja yupi atakayedai. Kwa hiyo tengo la dhamana huandikwa katika kipindi kilekile cha mauzo, na kiasi chake hupatikana kwa kuzidisha kila gharama inayotarajiwa kwa uwezekano wake, kisha kujumlisha.

Tuchukue duka la kubuni. Kumbukumbu zake zinaonyesha kwamba katika kila friji 100, 6 hurudi kabla ya dhamana kwisha. Tano huwa na hitilafu ndogo, kama themostati au mpira wa mlango, ambazo kwa wastani hugharimu shilingi 60,000 kila moja. Moja hufa kompresa, na kuibadilisha ni shilingi 300,000. Jumla ni shilingi 600,000 kwa friji 100, sawa na shilingi 6,000 kwa kila friji iliyouzwa.

Gharama hiyo haiji kwa mkupuo. Tuseme theluthi moja huangukia mwaka wa mauzo, nusu mwaka unaofuata, na sudusi iliyobaki mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza duka linauza friji 1,000: linatenga shilingi milioni 6, linalipa milioni 2, na milioni 4 zinabaki kama deni kwenye mizania. Mwaka wa pili linauza friji 2,000 na kutenga milioni 12. Malipo ya mwaka huo ni milioni 3 kwa friji za mwaka wa kwanza na milioni 4 kwa zile mpya. Tengo linafunga likiwa na milioni 9.

Sasa mwenye duka agawanye malipo ya mwaka wa pili, milioni 7, kwa friji 2,000 alizouza. Atapata shilingi 3,500 kwa friji na kuamini kuwa anatenga kupita kiasi. Kosa ni kwamba amegawa malipo ya friji chache za zamani, pamoja na theluthi tu ya gharama ya zile mpya, kwa friji nyingi mpya, ambazo sehemu kubwa ya madai yake bado iko njiani. Mwaka wa tatu mauzo yakishuka hadi friji 500, duka litalipa milioni 8, yaani shilingi 16,000 kwa kila friji iliyouzwa mwaka huo. Friji hazikuzidi kuwa mbovu. Ni ukuaji uliokuwa umeficha gharama, na kushuka kwa mauzo kumeifichua.

Dawa yake ni daftari linaloandika, kwa kila dai, mwezi friji ilipouzwa pamoja na mwezi iliporudi. Kundi ambalo kwa kawaida hurudisha friji 2 kati ya 100 katika miezi 12 ya mwanzo likirudisha 4, makadirio yake yapandishwe mara moja. Ongezeko hilo huingia katika gharama za mwaka unaoendelea. Hesabu zilizofungwa hazifunguliwi, maadamu makadirio ya awali yalifanywa kwa taarifa bora zilizokuwepo.

Njia hii ina mipaka. Kumbukumbu za chapa iliyozoeleka hazisemi lolote kuhusu modeli mpya yenye kompresa ya aina nyingine. Hapo inabidi kuanza na makadirio ya juu kidogo yenye sababu zilizoandikwa, na kuyapitia mapema. Fidia inayotarajiwa kutoka kwa msambazaji nayo isitumike kupunguza tengo kwenye mizania: huandikwa kama mali ya pekee, na ni pale tu inapokuwa karibu na hakika kwamba italipwa. Msambazaji akigoma, mteja bado ataleta friji yake dukani.