Kiswahili na Kigiriama: Mti wa Lugha

Soma mti huu kuanzia shinani. Kila panda ni lugha ya kale iliyogawanyika. Lugha za leo ziko nchani. Kiswahili na Kigiriama, lugha zinazosikika hapa Magogoni, ni ndugu wa tawi la Sabaki, ndani ya Kibantu, katika familia ya Niger-Kongo. Hakuna iliyoizaa nyingine. Ushahidi ni sauti zinazolingana kwa utaratibu: Mswahili asemapo maji na jina, Mgiriama husema madzi na dzina.

Maneno ya kuazima hayathibitishi undugu. Neno kitabu limetoka katika Kiarabu, ambacho pamoja na Kisomali ni Afro-Asia, lakini Kiswahili kinabaki Kibantu.

Kigujarati na Kiingereza ni Indo-Ulaya, Kichina ni Sino-Tibeti, Kimalagasi ni Austronesia. Shina moja la familia hizi zote halijathibitishwa, kwa hiyo kila moja ina mti wake.