Jinsi ya Kuhakiki Uhalali wa Kampuni Kabla ya Kwenda Kwenye Usaili

Mwaliko wa usaili humgharimu mwombaji kabla hata hajajibu swali la kwanza. Anayetoka Mbeya kwenda Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilomita 800, hulipa nauli na malazi, na aghalabu hubeba vyeti vyake halisi pamoja na nakala ya kitambulisho cha Taifa. Matapeli wa ajira huvizia hapo. Wapo wanaodai fedha kwa jina la ada ya usaili, vipimo vya afya, sare au mafunzo, na wapo wanaotaka taarifa binafsi ili wazitumie kwa makosa mengine.

Mambo matatu yanaweza kuhakikiwa kabla ya safari: usajili wa kampuni, umri wa tovuti yake na mahali ofisi yake ilipo. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya hayo linalotosha likiwa peke yake. Tapeli anaweza kutumia jina la kampuni halali, kununua tovuti ya zamani au kuandika anwani ya jengo linalofahamika. Kinachomfichua ni pale taarifa hizo tatu zinapowekwa pamoja na kukutwa hazikubaliani.

Usajili wa kampuni

Kwa Tanzania Bara, kampuni na majina ya biashara husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA). Usajili hufanyika kupitia mfumo wa mtandaoni unaopatikana katika ors.brela.go.tz, na mfumo huo una sehemu ya kutafuta iliyo wazi kwa umma. Mwombaji huandika jina la kampuni, au namba ya usajili iwapo ameipata, kisha hulinganisha majibu na barua ya mwaliko.

Jambo la kwanza la kulinganisha ni jina lenyewe, neno kwa neno. Kampuni mbili zinaweza kutofautiana kwa neno moja tu, na tapeli huchagua jina linalokaribiana na la kampuni inayojulikana. La pili ni aina ya usajili. Kampuni binafsi yenye ukomo wa hisa huwa na neno “Limited” mwishoni mwa jina lake, na husajiliwa chini ya Sheria ya Makampuni, Sura ya 212. Jina la biashara husajiliwa chini ya sheria nyingine, Sura ya 213, na halimfanyi mmiliki kuwa kampuni. Kwa hiyo, anayejiita “kampuni ya kimataifa” huku rejesta ikionesha jina la biashara tu, ana jambo la kueleza. La tatu ni tarehe. Barua ikidai kuwa kampuni imefanya kazi kwa miaka kumi na mitano, ilhali imesajiliwa mwaka jana, tofauti hiyo inahitaji maelezo.

Kutoonekana kwa jina hakumaanishi moja kwa moja kuwa kuna utapeli. Kampuni zilizosajiliwa Zanzibar ziko kwenye rejesta ya Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali Zanzibar (BPRA). Mashirika yasiyo ya kiserikali yana msajili wake. Kampuni ya zamani inaweza pia kuwa na taarifa ambazo hazijahuishwa tangu mfumo wa mtandaoni ulipoanza. Hatua inayofaa hapo ni kumwomba aliyetuma mwaliko ataje namba ya usajili na mamlaka iliyoitoa. Mwajiri wa kweli huwa nayo karibu, kwa kuwa huihitaji benki, kwenye kodi na kwenye zabuni.

Vilevile, kuonekana kwa jina hakuthibitishi kuwa aliyepiga simu ni mtumishi wa kampuni hiyo. Rejesta huthibitisha kuwa kampuni ipo. Haithibitishi nani anazungumza kwa niaba yake.

Umri wa tovuti

Kila jina la tovuti, ambalo kitaalamu huitwa kikoa, lina tarehe liliposajiliwa, na tarehe hiyo inaweza kutazamwa na mtu yeyote bila malipo. Kwa majina yanayoishia na .com, .org na mengine ya kimataifa, mwombaji hufungua lookup.icann.org, huandika jina la tovuti na kutafuta mstari wenye neno Created. Majina yanayoishia na .tz yana rejesta yake nchini. Mwenye kompyuta iliyo na programu ya whois anaweza kuuliza kwa amri moja, akiweka jina la tovuti husika mahali pa jina la mfano:

```
whois jinalakampuni.co.tz
```

Kwenye majibu ya kikoa cha .tz, tarehe hiyo husomwa kwenye mstari wenye neno registered.

Kinachoulizwa hapa ni jina lililo kwenye anwani ya barua pepe ya mwaliko, yaani maneno yanayofuata alama ya @, na siyo tu jina la tovuti inayojitokeza kwenye utafutaji. Matapeli wengi husajili jina jipya linalofanana na la kampuni halisi kwa kuongeza neno kama “ajira” au kistari, kisha hulitumia kwa barua pepe pekee. Barua inayotoka kwenye anwani ya bure, mathalani gmail.com, haina kikoa cha kampuni cha kuhakiki. Biashara ndogo nyingi halali hutumia anwani za namna hiyo, lakini taasisi inayojieleza kuwa kubwa na kongwe inapaswa kuwa na yake.

Tarehe ya kikoa husomwa sambamba na madai ya kampuni. Kampuni iliyoanzishwa miezi mitatu iliyopita na inayosema hivyo wazi inaweza kuwa na tovuti ya miezi mitatu, na hapo hakuna mgongano. Mgongano hutokea pale kampuni inayodai kuwepo tangu 2009 inapotumia kikoa cha wiki tano. Kwa upande mwingine, kikoa cha zamani kinaweza kuuzwa kwa mtu mwingine na tarehe yake ikabaki ileile. Njia ya kugundua hilo ni kuandika jina la tovuti kwenye web.archive.org, hifadhi inayotunza nakala za kurasa za miaka iliyopita. Tovuti iliyokuwa ya hoteli miaka mitatu iliyopita na sasa ni ya kampuni ya madini imebadilisha mwenyewe, au angalau imebadilisha kazi.

Mahali ofisi ilipo

Sanduku la posta si anwani ya ofisi, kwa kuwa linaeleza tu barua zinapopokelewa. Anwani kamili ya makazi kwa Tanzania ina namba ya jengo, jina la barabara au mtaa, kata na postikodi yenye tarakimu tano. Tarakimu za mwanzo za postikodi hutambulisha eneo: zinazoanza na 1 ni za Dar es Salaam, 33 ni Mwanza na 41 ni Dodoma. Barua inayotaja barabara ya Dar es Salaam pamoja na postikodi ya Mwanza imeandikwa na mtu asiyeijua ofisi hiyo, au imekosewa mahali ambapo kampuni haikutarajiwa kukosea.

Baada ya hapo hubaki kuthibitisha kwa macho. Asiyeweza kufika humtuma ndugu au rafiki aliye jirani. Kwenye jengo la ofisi nyingi, msimamizi au walinzi wa mapokezi huwajua wapangaji. Kwenye makazi ya watu, ofisi ya serikali ya mtaa ndiyo mahali pa kuuliza. Anayefika ofisini hutazama pia leseni ya biashara na kulinganisha jina na mahali palipoandikwa humo na yale ya barua ya mwaliko.

Usaili unaoitishwa hotelini au kwenye ukumbi wa kukodi si lazima uwe wa uongo, kwa sababu waajiri wenye waombaji wengi hufanya hivyo. Lakini ukumbi hauchukui nafasi ya ofisi. Kampuni inapaswa bado kuwa na mahali pake panapojulikana.

Mfano wa uhakiki

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya kufafanua. Mwombaji aliyeko Mbeya anapokea barua ya kuitwa kwenye usaili na kampuni ya usafirishaji wa mizigo. Barua inasema kampuni ilianza 2009, ofisi yake iko ghorofa ya nne ya jengo lililo katikati ya Dar es Salaam, na usaili ni baada ya siku sita. Anatakiwa kuthibitisha kwa kutuma nakala ya kitambulisho na Sh 35,000 za “kuandaa faili”.

Anatafuta kwanza kwenye mfumo wa BRELA. Jina linaonekana, na mwaka wa usajili ni 2009. Angeishia hapo, angesafiri. Anaangalia kikoa cha barua pepe na kukuta kimesajiliwa wiki tano zilizopita, kikiwa na neno “ajira” lililoongezwa kwenye jina la kampuni. Tovuti yenye jina halisi ina umri wa miaka mingi, na inataja ofisi iliyo Barabara ya Nyerere. Binamu yake anapita kwenye jengo lililotajwa, na msimamizi anasema hajawahi kuwa na mpangaji huyo.

Hatua ya mwisho ndiyo inayokata shauri. Mwombaji anapiga namba iliyo kwenye tovuti ya zamani, si ile iliyo kwenye barua. Ofisa rasilimali watu anamjibu kuwa kampuni haijatangaza nafasi yoyote. Kampuni ni halali, ila mwaliko si wake. Uhakiki wote umechukua siku moja na gharama ya simu mbili.

Pale taarifa zisipokubaliana

Mwombaji anayekuta mgongano mmoja huomba ufafanuzi kwa maandishi. Mgongano ukiambatana na dai la fedha, au haraka isiyompa nafasi ya kuuliza, mawasiliano husitishwa na kitambulisho hakitumwi. Ujumbe wa simu wenye dalili za utapeli hutumwa kwenda namba 15040 bila kulipia, pamoja na namba iliyoutuma. Aliyekwisha kutoa fedha huripoti kituo cha Polisi akiwa na barua, ujumbe na kumbukumbu za muamala bila kufuta chochote, na huwasiliana mara moja na mtoa huduma wa fedha aliyetumika.

Kwa nafasi zinazosimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, maombi huwasilishwa na majina ya walioitwa kwenye usaili huangaliwa kupitia portal.ajira.go.tz. Anayepokea simu ya kuitwa kwenye usaili wa taasisi ya umma huanza kwa kuhakiki huko, kabla ya kumjibu aliyempigia.